Mboga za friza zimeanza kuyeyuka njiani: zirudishwe kwenye friza au zipikwe leo?

Umefika nyumbani, umeweka mifuko chini, na pakiti ya njegere uliyoitoa dukani ikiwa ngumu kama jiwe sasa inabonyea ukiishika. Kwenye pakiti pameandikwa usigandishe tena kikishayeyuka. Wengi hapo huchagua moja kati ya mawili: kuitupa yote kwa hofu, au kuirudisha kwenye friza kimyakimya na kutumaini mema. Lakini onyo lile linahusu mboga iliyoyeyuka kabisa, na kuyeyuka nusu ni hali nyingine. Mara nyingi mboga zilizoyeyuka nusu zinaweza kugandishwa tena bila hatari yoyote, ila inabidi ujue cha kuangalia, na ukiangalie mapema, kabla ushahidi haujayeyuka.

Ushahidi wenyewe ni barafu.

Kwa nini barafu ndiyo kipimo

Mboga nyingi huanza kuganda zikiwa chini kidogo tu ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake yana sukari na chumvi kidogo. Friza ya nyumbani inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Pakiti ikitoka humo, joto lake hupanda upesi mwanzoni, halafu likikaribia sifuri linakwama. Joto lote linaloingia kutoka nje linatumika kuyeyusha barafu badala ya kupandisha nyuzi. Na barafu inahitaji joto jingi sana ili iyeyuke: joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 lingeweza kupandisha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80.

Ndiyo maana pakiti inayoonekana imelegea inaweza kukaa muda mrefu ikiwa bado baridi kama barafu. Na ndiyo maana chenga za barafu ukiziona zimeenea kati ya punje, unajua kwa hakika kwamba mboga zinazozigusa ziko karibu na sifuri. Bakteria wengi wanaoharibu chakula au kuleta maradhi ya tumbo huzaliana kwa shida sana kwenye ubaridi huo. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni nyuzi 4: chini ya hapo, au kukiwa bado na chenga za barafu, chakula kinaweza kugandishwa tena. Kitakachopungua ni ubora, si usalama.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupanga vitu vingine, shughulikia pakiti za baridi

Mchele na sabuni vitasubiri. Weka pakiti zote za mboga pamoja, zikigusana, ndani ya friji ya kawaida au kwenye beseni lenye barafu kama unayo. Usizisambaze mezani ili kuzikagua kwa nafasi, maana pakiti iliyolala peke yake inapata joto kila upande, wakati zilizobanana zinalindana.

Kisha kumbuka saa uliyozitoa kwenye friza ya dukani. Hesabu kuanzia hapo, si kuanzia ulipotoka mlangoni wala ulipogundua zimelegea. Huwezi kujua ni dakika gani pakiti ilivuka nyuzi 4, kwa hiyo ukihesabu tangu mwanzo utakosea upande ulio salama.

Hatua ya pili: shika, tikisa, bonyeza katikati

Toa pakiti mojamoja. Itikise kwanza. Punje zikigongana na kutoa mlio mkavu, hakuna tatizo hapo; irudishe kwenye friza mara moja na uendelee na nyingine. Isipotoa mlio, ibonyeze taratibu ukianzia pembeni kuelekea katikati. Unatafuta chembechembe ngumu zinazokwaruzana, kama changarawe laini ndani ya maji. Hizo ndizo chenga za barafu.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi, nao unategemea umbo la mboga. Njegere, mahindi na karoti zilizokatwa vipande vidogo huyeyuka karibu kwa pamoja, kwa hiyo ukizikuta na chenga zilizoenea, pakiti nzima iko baridi. Spinachi iliyogandishwa kwa mabonge ni hadithi nyingine. Kiini cha bonge kinaweza kuwa barafu tupu huku majani ya nje yamekwisha kuyeyuka na kupata joto. Ukibonyeza katikati ukakuta ugumu, usiridhike; pima sehemu ya nje, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo kwenye hali mbaya zaidi. Hivyohivyo kwa pakiti yoyote iliyoshikana kuwa donge moja.

Kunusa hakusaidii. Harufu mbaya hukuambia kwamba mboga imeharibika sana, lakini mboga isiyo na harufu haikuambii kitu. Bakteria wanaomuumiza mtu si lazima wawe walewale wanaonukisha chakula.

Hatua ya tatu: pima joto bila kufungua pakiti

Kama una kipimajoto cha jikoni chenye ncha, huna haja ya kutoboa mfuko. Kunja pakiti katikati kama kitabu, weka ncha ya kipimajoto ndani ya mkunjo, bana kwa nguvu ili hewa itoke, funika kwa taulo iliyokunjwa, na usubiri mpaka namba iache kubadilika. Kwa kawaida ni dakika mbili au tatu. Kama ni mabonge ya spinachi, hakikisha ncha inagusa sehemu iliyolegea. Soma namba, iandike, kisha nenda pakiti inayofuata.

Kama huna kipimajoto, tegemea barafu peke yake na uwe mkali: chenga zikiwepo na zimeenea, ni ndiyo. Zisipokuwepo, hesabu kwamba pakiti imevuka mpaka, hata kama mkono wako unasema bado ni baridi. Mkono ni kipimo kibaya hapa. Kitu cha nyuzi 3 na cha nyuzi 10 vyote vinahisika baridi kwa mtu aliyetoka juani.

Hatua ya nne: amua

Chenga za barafu zimeenea, au kipimajoto kinasoma nyuzi 4 au chini: inaweza kurudi kwenye friza.

Iko chini ya nyuzi 4 lakini haina barafu tena hata kidogo: kugandisha kunaruhusiwa, ila mimi singefanya hivyo. Ingebaki kwenye friji na kupikwa leo au kesho, kwa sababu mboga iliyoyeyuka yote na kugandishwa tena polepole hutoka ikiwa imelegea kama nguo mbichi.

Imevuka nyuzi 4, na hazijapita saa mbili tangu uitoe kwenye friza ya dukani: iende kwenye sufuria sasa hivi. Siku yenye joto linalozidi nyuzi 32, saa hizo mbili zihesabu kuwa moja. Muda ukiwa umepita, itupe. Ipo miongozo inayozipa mboga tupu muda mrefu kuliko huo zinapoyeyuka nyumbani umeme ukikatika, lakini pale friza imefungwa na unajua ilichopitia. Kwa pakiti iliyosafiri ndani ya gari, mimi nashika saa mbili.

Mambo mawili yanabadilisha uamuzi wote. La kwanza ni mboga zilizochanganywa na mchuzi, jibini, wali au nyama. Hizo si mboga tena, ni chakula kilichopikwa, na zikilegea usizipe nafasi ya pili kwa vigezo vya mboga tupu. La pili ni kuku au nyama mbichi kuwa kwenye mfuko mmoja na mboga. Kama maji ya nyama yamevuja, osha pakiti nje kwa maji na sabuni kabla hujaiweka popote, na kama pakiti ya mboga ina tundu au imechanika, itupe hata kama ndani ni barafu tupu.

Mfano mmoja, pakiti nne

Siku moja nilitoa pakiti nne kwenye friza ya dukani saa tisa na dakika kumi alasiri. Foleni ilinikamata, nikafika nyumbani saa kumi na dakika arobaini. Saa moja na nusu, na joto la nje lilikuwa nyuzi 30. Nilikuwa na kilo moja ya mahindi na kilo moja ya njegere, zimelala moja juu ya nyingine katikati ya mfuko. Spinachi ya mabonge, nusu kilo, ilikuwa pembeni yake. Pakiti ya nne, nusu kilo ya brokoli, koliflawa na karoti, ilikuwa kwenye mfuko wa peke yake juu ya kiti, na jua la dirishani lilikuwa limeipiga karibu njia nzima.

Mahindi yalitoa mlio nilipoyatikisa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri. Yalirudi kwenye friza bila mjadala.

Njegere zilikuwa kimya. Punje za nje zilibonyea, lakini chenga zilikwaruzana kila nilipobonyeza, na mkunjo ulisoma nyuzi 1 chini ya sifuri. Hizi ndizo hasa mboga zilizoyeyuka nusu. Salama kabisa kuzigandisha, kwa masharti ya namna nitakayoeleza hapo chini.

Spinachi ilikuwa na viini vigumu na maji ya kijani chini ya pakiti. Majani ya nje yalisoma nyuzi 2. Kwa kanuni ingeweza kurudi. Sikuirudisha, kwa sababu yale maji ya kijani yalinionyesha kwamba majani yalikuwa yamekwisha kuachia, na kugandishwa mara ya pili kungeyamaliza. Niliiweka kwenye friji, nikaipika kesho yake mchana.

Ile ya juani ilikuwa laini yote, maji yamekusanyika kwenye pembe, hakuna chenga. Nyuzi 9. Dakika tisini zilikuwa zimepita, bado nusu saa kufika saa mbili, kwa hiyo niliimimina kwenye sufuria papo hapo. Pakiti nne za safari moja zilipata uamuzi tofauti kwa sababu ya mahali zilipokaa na umbo la kilichomo. Ndiyo maana kuamua kwa mkupuo, zote zirudi au zote zitupwe, hukosea karibu kila mara.

Hatua ya tano: gandisha upesi, si kwa kurundika

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utakula njegere au uji wa njegere. Kiwandani, punje hugandishwa mojamoja kwa hewa baridi sana inayopulizwa kwa nguvu, na kwa sababu zinaganda upesi, barafu ndani yake hujitengeneza kwa fuwele ndogondogo. Friza ya nyumbani ni ya polepole. Mboga inapochelewa kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri, fuwele hukua kubwa, zikachana kuta za chembe za mboga. Utakapopika, maji yatamwagika kupitia nyufa hizo na mboga itabaki imelegea.

Huwezi kuigeuza friza yako kiwanda, lakini unaweza kupunguza unene. Usifungue pakiti, mikono na vyombo vina bakteria wake. Kama imeshikana madonge, igongegonge taratibu mezani ili punje ziachane, kisha itandaze iwe bapa, unene wa sentimita mbili au tatu hivi. Ukipunguza unene kwa nusu, muda wa kuganda hupungua kwa zaidi ya nusu. Laza pakiti juu ya sinia ya bati iliyokaa ndani ya friza na kupata baridi, au moja kwa moja kwenye ukuta au rafu yenye barafu. Isiguse vitu vingine vilivyoganda, kwa sababu itavipa joto lake, na visipangwe juu yake.

Kama friza yako ina kitufe cha kugandisha haraka, kiwashe sasa. Na usirudishe kilo nyingi kwa wakati mmoja: kwa kila lita 100 za friza, kilo tatu za mboga laini kwa siku ni kiasi ambacho friza ya nyumbani inaweza kukimudu. Zikiwa nyingi kuliko hapo, chagua zilizo kwenye hali bora uzigandishe, zilizobaki uzipike.

Baada ya dakika arobaini na tano hivi rudi uifinyange pakiti kidogo. Punje zitakuwa zimeanza kushikana lakini bado zinaachana kwa urahisi. Ukifanya hivi mara mbili, kesho utaweza kumimina kikombe kimoja cha njegere badala ya kupambana na tofali. Zile zangu zilikuwa ngumu kabla ya kulala.

Kisha andika kwenye pakiti, kwa kalamu isiyofutika: imegandishwa tena, na tarehe. Andiko hili lina kazi ya kweli. Kugandisha hakuui bakteria, kunawasimamisha tu. Wale walioongezeka njiani wanabaki idadi ileile, na wakiamka tena wataendelea kutoka hapo walipoishia. Pakiti hii ikiyeyuka mara nyingine, hata nusu, isirudi tena. Mimi huzimaliza hizi ndani ya mwezi mmoja, na huziweka mbele ya rafu ili zisisahaulike nyuma.

Hatua ya sita: namna ya kuzipika

Usiziyeyushe kwanza. Zimimine zikiwa zimeganda kwenye supu, mchuzi au rojo linalochemka, ili maji yatakayotoka yabaki ndani ya chakula, maana humo ndimo zimo ladha na vitamini C zilizotoka kwenye nyufa. Kwa saladi au kukaanga kwa haraka, mboga zilizogandishwa mara mbili hazifai. Zitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Na zipike hadi ziive kweli, zitoke mvuke katikati, angalau nyuzi 70. Mboga nyingi za friza zimechovywa tu kwenye maji ya moto kiwandani kwa muda mfupi, ili kuzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha. Hazijapikwa. Mwaka 2018 wachunguzi wa Ulaya waligundua kwamba mahindi na mboga nyingine zilizogandishwa ndizo zilizosambaza bakteria aina ya listeria katika nchi tano. Watu 47 walikuwa wamegundulika kuugua tangu 2015, na tisa kati yao walifariki. Listeria ana tabia moja inayomtofautisha na wengi: huweza kuzaliana hata kwenye ubaridi wa friji, polepole. Kwa hiyo spinachi niliyoiacha kwenye friji haikupaswa kukaa siku nne. Mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu asile mahindi ya friza yaliyoyeyushwa tu na kutiwa kwenye saladi, yawe yamelegea njiani au la.

Lile sufuria la brokoli na koliflawa lilitoa chakula kingi kuliko tulichoweza kumaliza usiku ule. Hapo napo watu huogopa bila sababu: mboga iliyoyeyuka ikapikwa ndani ya muda wake inaweza kugandishwa, kwa sababu moto umekwisha kuua bakteria walioongezeka njiani. Kinachotakiwa ni kuipoza upesi. Niliimimina kwenye bakuli pana, nikaliweka ndani ya beseni la maji baridi, nikakoroga mpaka mvuke ukaisha, kisha nikaigawa kwenye vyombo vidogo na kuviingiza kwenye friza kabla saa mbili hazijatimia tangu nizime jiko.

Ukikuta dalili hizi dukani

Tikisa pakiti kabla hujailipia. Njegere au mahindi yaliyoshikana kuwa donge moja, au theluji nyingi iliyoganda ndani ya mfuko, mara nyingi ni dalili kwamba pakiti ilikwisha kulegea na kugandishwa tena kabla hujaiona. Safari yako ingekuwa ya pili au ya tatu kwake, na ile hesabu ya saa mbili isingekuwa na maana tena. Iache, chukua nyingine iliyo chini zaidi ndani ya friza, ile inayotoa mlio.

Na pakiti za baridi zichukuliwe mwisho kabisa, zibanwe pamoja katikati ya mfuko mmoja, zizungushiwe gazeti au taulo. Zile za kwangu zilizokuwa katikati zilifika na barafu yake. Iliyokuwa peke yake juu ya kiti ndiyo iliyonilazimisha kuwasha jiko kabla sijavua viatu.